Nahodha alimjua aliyemsemea kabla ya adhuhuri. Jina tulilificha, tumekosea wapi?

FundiKodi_Shela (mwenye uzi)

Assalam aleikum jamaa. Nina apu ndogo ya kuwekea nafasi safari za mashua hapa Lamu: kuvuka Manda, kwenda Shela, kuvua, machweo. Mteja na nahodha huandikiana ndani ya apu bila kupeana nambari za simu. Manahodha wetu ni 31, na karibu wote wanajuana hadi kwa majina ya babu zao.

Mwezi uliopita dada mmoja wa hapa hapa mjini aliwawekea wageni wake nafasi. Safari ikaisha salama. Siku mbili baadaye nahodha akaanza kumwandikia usiku. Kwanza "umelala?", kisha maneno ambayo sitayarudia. Dada akatafuta kitufe cha kutoa taarifa, akakipata, akabonyeza. Mfumo wetu, ambao niliuandika mwenyewe, ukamtumia nahodha palepale:

"Ujumbe uliotuma leo saa 4:12 usiku umeripotiwa kwa lugha isiyofaa. Tafadhali zingatia kanuni."

Jina la dada halimo. Nilikuwa nikijisifia jambo hilo. Kumbe usiku ule nahodha alikuwa amemwandikia mtu mmoja tu. Asubuhi akakaa jeti na kahawa yake akisimulia, na kabla ya adhuhuri kaka yake yule dada alikuwa ameshapigiwa simu kuulizwa "mna nini nyinyi na fulani". Dada akafuta akaunti.

Naomba msaada wa kweli. Mkinipa pole haitanifaa.

KijanaWaTikiMoja

Kaka na mimi nina shida kama hiyo. Nadhani shemeji yangu ameniblok WhatsApp. Tiki moja siku ya tatu sasa, na picha yake siioni. Kuna njia ya kuhakikisha?

Sheki_wa_Seva

@FundiKodi_Shela, ulificha jina ukamwachia nahodha kila kitu kingine. Umempa saa, umempa ujumbe wenyewe, tena umemwambia dakika ile ile. Kabla ya kutuma arifa yoyote jiulize: ni watu wangapi wangeweza kuitoa taarifa hii? Ikiwa ujumbe ulikwenda kwenye kundi la watu 40, jibu ni 40 na kuficha jina kunasaidia. Ukiwa ulikwenda kwa mtu mmoja, jibu ni mmoja, na hapo kuitaja saa ni sawa na kumtaja mtu.

Tena hukuwa na sababu ya kumwambia nahodha chochote usiku ule. Kusemewa peke yake si habari ya kumpa mtu, kwa kuwa hakuna aliyeamua kitu bado. Ukimripoti mtu WhatsApp, wao hupokea jumbe tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi kwamba ameripotiwa. Anakuja kujua iwapo tu wamechukua hatua. Fuata mpangilio huo: taarifa ikiingia, kimya. Uamuzi ukifikiwa ndipo unamwandikia, na unamwandikia kuhusu mwenendo wake, usimtajie tukio.

@KijanaWaTikiMoja, hakuna njia ya uhakika, na wamefanya hivyo makusudi. Tiki moja yaweza kuwa simu imezimwa au bando limeisha. Picha yaweza kuwa ameificha. Utata huo ndio unaomlinda aliyezuia, usije ukampigia kelele.

KijanaWaTikiMoja

Sikutaka kumpigia kelele, nilitaka nimwombe msamaha.

Dereva_wa_Databezi

Mbona mnajitesa? Suluhisho ni rahisi. Usihifadhi aliyetoa taarifa. Taarifa iingie bila mtoaji kabisa, basi hakuna kitakachovuja. Halafu weka hesabu: nahodha akifikisha taarifa tano, akaunti inafungwa yenyewe. Hakuna binadamu wa kusoma, hakuna wa kusengenya.

Sheki_wa_Seva

Nusu yako nzuri. Ni kweli kwamba kisichohifadhiwa hakivuji, lakini taarifa isiyo na mwenyewe huwezi kuirudia kuuliza swali, huwezi kumjibu aliyeileta, na huwezi kujua kama taarifa tano zimetoka kwa watu watano au kwa mtu mmoja mwenye hasira. Hiyo hesabu yako ya tano, ipeleke jeti uone. Manahodha wawili wanaogombea wageni wale wale, kila mmoja ana binamu sita wenye simu. Mwisho wa wiki nusu ya mashua zimefungiwa.

Mtoaji mhifadhi, ila mtenge na taarifa yake:

```sql
CREATE TABLE taarifa (
  id UUID PRIMARY KEY,
  aliyetajwa_id BIGINT,
  sababu TEXT,
  nakala_ya_ujumbe TEXT,
  hali TEXT
);
CREATE TABLE taarifa_mtoaji (
  taarifa_id UUID REFERENCES taarifa(id),
  mtoaji_id BIGINT
);
```

Anayesoma taarifa ana ruhusa ya jedwali la kwanza tu. La pili hufunguliwa kwa sababu iliyoandikwa, na kila kufunguliwa kunaacha alama: nani, lini, kwa nini. Kitambulisho ni UUID kwa kuwa nambari za mfululizo husema mengi. Mtu akijua taarifa namba 57 ilikuwa ya Jumatatu na namba 58 ya Jumanne, amebakiza hatua moja tu.

Halafu nakala ya ujumbe ichukuliwe wakati ule ule wa kubonyeza. Usiweke kiungo cha kurudi kwenye mazungumzo. Akiufuta ujumbe wake dakika mbili baadaye, kiungo kitakuonyesha nafasi tupu.

FundiKodi_Shela

Hilo la kutenga nalikubali. Lakini ofisini tuko watatu, na mmoja wetu mama yake na yule nahodha ni ndugu. Hata jina likifichwa, akisoma "ahsante dada kwa kuniletea wale Wajerumani" amejua ni nani.

Sheki_wa_Seva

Basi asisome. Mfumo umuulize kila msomaji mara moja ni manahodha gani wana undugu au deni naye, na taarifa za hao zisimfikie. Hapo Lamu huenda orodha ikawa ndefu kuliko ya wasiohusiana. Ikiwa hivyo tafuta mtu wa nje, Mombasa au kokote, anayejua Kiswahili cha huko vya kutosha kuelewa tusi lililofunikwa kwa mafumbo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mtu wa bara atasoma fumbo la Kiamu akaona ni sifa.

Mama_Mitumba_MLD

Mimi si mtu wa kuandika apu, nauza nguo Malindi, lakini nina la kusema. Nyote mwaongea yanayotokea baada ya kubonyeza. Mimi sikufika hata huko.

Kuna mteja wa mtandaoni alinitukana kwa sababu gauni lilichelewa. Sitaitaja apu. Nilifanya nini? Nilitetemeka, nikafuta mazungumzo yote ili watoto wasione. Ndipo nikataka kumsemea. Kitufe chenyewe kilikuwa ndani ya mazungumzo, na mazungumzo nimeshayafuta! Nikasema basi niende kwenye jina lake. Simpati. Kumbe alinitukana kisha akanizuia yeye, kwa hiyo kwangu mimi ni kama hajawahi kuzaliwa. Mtukanaji alinifungia mlango akiwa upande wa ndani.

FundiKodi_Shela

Mama, umenifungua macho. Nimetoka kujaribu kwenye yangu: ukimzuia mtu, yeye hawezi tena kukutolea taarifa. Yaani nahodha angemzuia yule dada sekunde moja baada ya kumwandikia, angekuwa salama. Sikuwahi kulifikiria.

BintiLangoni

Nafanya kazi ya kuchora skrini. Hilo la Mama ni kosa la kila mahali. Tunakiweka kitufe pale tunapodhani tatizo litakuwa, kisha tunasahau kwamba mtu aliyeumizwa jambo lake la kwanza ni kufuta au kukimbia.

Kwenye apu ya safari dawa ipo, maana kuna kitu kisichofutika: safari yenyewe. Weka njia ya kutoa taarifa kwenye orodha ya safari zilizopita, ifanye kazi hata kama mazungumzo yamefutwa, hata kama mmoja amemzuia mwenzake. Mtu akifuta mazungumzo, yafutike kwenye simu yake, ila seva iyashike siku 30 ndipo yaondoke kabisa, na umwambie hivyo wazi anapofuta. Orodha ya uliowazuia nayo iwe na "toa taarifa". Apu nyingi pale huweka "ondoa kizuizi" tu, kana kwamba kitu pekee utakachotaka baadaye ni kupatana.

Na @FundiKodi_Shela, tuambie ukweli, yule dada alibonyeza mara ngapi kabla ya kufika?

FundiKodi_Shela

Sita. Wasifu, vidoti vitatu, Mipangilio, Msaada, Wasiliana nasi, kisha fomu. Naona haya. Tuliweka ili tupite kwenye maduka ya apu. Apple, kwenye mwongozo wao 1.2, wanataka apu yenye maudhui ya watumiaji iwe na njia ya kutoa taarifa na ya kumzuia msumbufu, na Google Play nao wanataka hivyo. Njia iliwepo, tukapita. Wala hawakuuliza kama mtu anaweza kuifikia akiwa na mikono inayotetemeka.

BintiLangoni

Fanya jaribio hili, halina gharama. Tengeneza mazungumzo ya uongo ambamo nahodha anasumbua. Wape simu watu watano, mmoja mmoja, uwaambie: "Mtu huyu anakukera. Fanya utakavyofanya." Usitaje "taarifa" wala "zuia", maana ukitaja utakuwa umewaonyesha neno la kutafuta. Kaa kimya uangalie kidole cha kwanza kinagusa wapi.

Nilipofanya na kina mama wa mtaani kwetu, watatu waligusa picha ya msumbufu na wawili walibonyeza ujumbe wenyewe wakaushikilia. Hakuna hata mmoja aliyekwenda vidoti vitatu, achilia mbali Mipangilio. Basi ndipo pa kuweka: ukigusa picha, na ukishikilia ujumbe. Mibonyezo miwili, imekwisha.

Neno nalo liangalie. Mama mmoja aliona "Ripoti" akadhani ni habari, kama ripoti ya hali ya hewa. "Shtaki" likamtisha, akaniuliza kama polisi watakuja. Tulipoandika "Nisaidie kuhusu mtu huyu" walibonyeza wote, lakini wawili walidhani watapigiwa simu papo hapo. Mimi ningeandika "msemee", ndivyo tusemavyo tangu utotoni, ila mkubwa wangu aliona ni la kitoto. Hadi leo hatujakubaliana.

Nahodha_Mstaafu

Salaam. Mimi nimeshika usukani miaka mingi, simo kwenye apu hiyo. Nimesoma yote na yaliyompata binti huyo ni aibu kwa mui wetu. Lakini nauliza na la upande wa pili. Yana kijana wangu aliniambia amefungiwa apu nyingine, haambiwi kosa, haambiwi siku, haambiwi maneno aliyosema. Amekaa jeti hana safari. Mkimficha msemaji na mkaficha na jambo lenyewe, mtu atajitetea vipi? Hata kwa kadhi mtu husomewa alilofanya.

Dereva_wa_Databezi

Hapo mzee ana sheria upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data inayomhusu. Nahodha akiandika barua, mnalazimika kumpa taarifa yote, na jina la mtoaji.

Sheki_wa_Seva

Haki ya kuona data yake anayo. Lakini jina la aliyemsemea ni data ya mtu mwingine, naye analindwa na sheria hiyo hiyo. Barua ikija, usijibu kwa kupakua jedwali zima, mtafute wakili. Na sababu nyingine ya kutenga majedwali ni hiyo: siku ya kujibu barua, hutaki kuchambua jina la mtu kutoka sentensi hadi sentensi. Maneno ambayo mtoaji aliyaandika kwa mkono wake yafupishe kwanza, mtu hujulikana kwa namna anavyoandika.

Mzee nahodha, swali lako ni zito na sina jibu kamili. Ninachofanya mimi ni kumpa mtu kosa kwa jina lake na kipindi kipana: "Katika wiki sita zilizopita umewaandikia wateja mambo yasiyohusu safari, nyakati za usiku." Anaweza kusema si kweli, au kueleza. Na barua hiyo naituma siku kumi baada ya taarifa kuingia, ili tukio na barua visishikane mkono.

BintiLangoni

Siku kumi, Sheki? Mashua hiyo inabeba watu kila siku. Unamlinda mtoaji mmoja kwa kuwaacha wateja wa siku kumi mikononi mwa mtu yule yule.

Sheki_wa_Seva

Ndiyo, na ndiyo maana si kanuni moja kwa kila kosa. Kitisho cha kumdhuru mtu, mtoto akihusika, au mtu kumfuata mwenzake hadi nyumbani, unafunga papo hapo, hata kama atakisia. Ila hapo unampigia mtoaji kwanza umwambie: "Tunamfunga leo, huenda akajua ni wewe. Uko mahali salama?" Lugha chafu inaweza kungoja.

Na kwa kisa kama cha dada, ambapo aliyeweza kusema ni mmoja tu, usimuahidi siri. Kwenye fomu mwandikie kabla hajatuma: "Ujumbe huu ulitumwa kwako peke yako. Tukichukua hatua, anaweza kukisia." Kisha mpe njia mbili: chukueni hatua, au itunzeni mpaka mwingine amtaje mtu huyu huyu. Kuna shirika Marekani, Callisto, limejenga mfumo wa namna hiyo kwa waathiriwa wa unyanyasaji wa kingono: taarifa hukaa imefungwa hadi nyingine inayomtaja mtu yule yule ipatikane. Ubaya wake unauona mwenyewe. Wa pili anapatikana baada ya kuumizwa.

FundiKodi_Shela

Nina wazo, niambieni kama ni la kijinga. Kila safari ikiisha, tumtumie kila mteja maswali matatu. Chombo kilikuwa salama? Bei ilikuwa ile ile? Nahodha amekuandikia jambo lisilohusu safari? Manahodha wote wanajua kwamba kila mteja huulizwa. Nikimwandikia nahodha, naweza kusema "kutokana na majibu ya wateja wako", na wateja wake wa wiki sita ni kama 20.

Sheki_wa_Seva

Si la kijinga hata kidogo. Umeongeza idadi ya wanaoweza kuwa wamesema. Ila maswali yaende kwa wote kwa kweli. Usiyatume kwa wateja wa yule nahodha peke yake wiki ile. Na mwenye wateja wawili tu kwa mwezi hatafichika kwa njia hii, usijidanganye.

Mama_Mitumba_MLD

Na hizo meseji za kuuliza zinakuja wapi? Simu yangu hushikwa na mume wangu na watoto. Siku moja ilikuja "Tumepokea malalamiko yako dhidi ya" na jina la mtu, juu ya skrini, imefungwa hivyo hivyo. Nilijieleza hadi usiku.

FundiKodi_Shela

Subhanallah. Yetu inasema "Taarifa yako kuhusu Nahodha fulani imepokelewa". Naiondoa leo. Itasema "Una ujumbe mpya", na mengine ayasome akiwa ndani.

Dereva_wa_Databezi

Swali la kizuizi. Aliyezuiwa akifungua ukurasa wa aliyemzuia, seva yangu hurudisha 403. Sawa?

Sheki_wa_Seva

Si sawa. 403 inamwambia "yupo, ila wewe hutakiwi". Rudisha 404 ile ile anayopata mtu asiyekuwepo, kwa maneno yale yale. Kwenye nafasi za mashua andika "Haipatikani kwa sasa", usizue kwamba imejaa, maana rafiki yake aliyeketi kando yake ataiona ina nafasi. Wala hutaficha milele: mwenye laini mbili ataingia kwa ya pili na kuthibitisha. Unachoficha ni ile sekunde ya kwanza ya hasira.

FundiKodi_Shela

Ninarudi na nilichofanya hadi jana. Arifa ya papo hapo kwa nahodha nimeifuta. Kitufe kiko kwenye picha, kwenye ujumbe na kwenye safari zilizopita, na kinafanya kazi hata ukiwa umezuiwa. Nimejaribu kwa watu watano hapa Shela: wanne walifika kwa mibonyezo miwili, wa tano alimpigia mwanawe simu. Majedwali nimeyatenga. Vitisho tunafunga papo hapo, lugha chafu nimeweka siku tatu, si kumi, najua Sheki hatafurahi. Msomaji wa Mombasa bado natafuta.

Nahodha_Mstaafu

Siku tatu kwa msemaji. Na aliyesemewa ana siku ngapi za kujibu?

FundiKodi_Shela

Nimeandika saba, mzee. Ila katika hizo saba sijaamua kama anaendelea kubeba watu au la.